Viini Kumi na Vinne au Sita? Kinachoamua Kasi ya Gemu Ndani ya Prosesa

Anayetafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, awe Kariakoo au katikati ya Nairobi, mara nyingi hujikuta mbele ya mashine mbili za aina tofauti kabisa. Ya kwanza ni sanduku dogo lililotoka ofisini, lenye prosesa ya Core i5-8500 ya mwaka 2018. Ina viini sita, na mapigo yake huanzia gigahezi 3.0 na kupanda hadi 4.1. Ya pili ni mashine kubwa ya wahandisi, mfano wa HP Z440, ambayo ndani yake kuna Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016. Hii ina viini 14, lakini mapigo yake huanzia gigahezi 2.4 na hayavuki 3.3. Muuzaji atataja hiyo namba 14 kwa sauti kubwa, na mnunuzi anayetaka kucheza gemu atahisi kwamba 14 ni lazima ishinde 6.

Kwa gemu nyingi haishindi. Jibu fupi ni kwamba mapigo yana uzito zaidi kuliko viini, mradi viini visipungue kiasi fulani. Lakini jibu hilo halitamsaidia mtu dukani bila kujua linatoka wapi, kwa sababu kuna hali ambamo linageuka, na kuna hali ambamo namba zote mbili zilizobandikwa kwenye sanduku hudanganya.

Tuanze na kazi yenyewe. Gemu haionyeshi picha inayotembea. Huonyesha picha moja moja, zinazoitwa fremu, haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 16.7 kuandaa kila fremu. Ukitaka 144, kwa ajili ya vile vioo vya kasi vya siku hizi, zinabaki milisekunde 6.9 tu. Ndani ya muda huo prosesa husoma kitufe ulichobonyeza, husogeza wahusika, huamua maadui wataelekea wapi, hukokotoa kitu gani kimegonga kitu gani, hupanga sauti, kisha huorodhesha kila kitu kinachotakiwa kuchorwa na kukabidhi orodha hiyo kwa kadi ya michoro. Kadi ndiyo huchora. Prosesa ndiyo huamua kitakachochorwa, na kadi haiwezi kuanza kuchora fremu ambayo orodha yake haijafika.

Angalia sasa jinsi kazi hizo zinavyotegemeana. Huwezi kujua risasi imempata nani kabla ya kujua mhusika amesimama wapi. Huwezi kujua amesimama wapi kabla ya kusoma kitufe. Na huwezi kuandika orodha ya kuchora kabla ya kujua kamera inatazama upande gani. Mlolongo huu hupita kwenye uzi mmoja wa kazi, ambao waandishi wa gemu huuita uzi mkuu, na kwa wakati mmoja uzi huendeshwa na kiini kimoja tu. Viini vingine vyote vinaweza kuwapo, lakini haviwezi kuusaidia. Ni kama pilau ya harusi: waweza kuita majirani kumi wamenye vitunguu na viazi, na shughuli hiyo itakwisha upesi sana, lakini mchele hautaiva haraka zaidi kwa sababu watu ni wengi jikoni.

Zipo kazi zinazogawanyika vizuri. Mienendo ya viungo vya wahusika mia moja inaweza kugawiwa viini vinne, kila kimoja wahusika 25. Chembe za moshi, mawimbi ya maji, kufungua faili zilizobanwa kutoka kwenye diski, yote hayo hugawika. Hata kuandika orodha ya kuchora, kazi ambayo zamani ilibanwa kwenye uzi mmoja, kuliwezeshwa kugawanywa vizuri zaidi DirectX 12 ilipotoka mwaka 2015 na Vulkan mwaka 2016. Kwa hiyo kila gemu ina sehemu isiyogawanyika na sehemu inayogawanyika, na uwiano wa sehemu hizo mbili ndio unaojibu swali letu. Kanuni hii ilielezwa na mhandisi Gene Amdahl mwaka 1967, na bado inatawala.

Tuipige hesabu kwa gemu ya mfano. Tuseme kwenye prosesa ya gigahezi 4 kila fremu ina kazi ya milisekunde 8 isiyogawanyika, na kazi ya milisekunde 16 inayogawanyika sawasawa kwa viini vyote. Kwa kiini kimoja fremu itachukua milisekunde 24, sawa na fremu 42 kwa sekunde. Kwa viini viwili, zile 16 zinakuwa 8, jumla 16, na tunapata fremu 62. Kwa viini vinne tunafika 83. Kwa sita, 94. Kwa vinane, 100. Kwa kumi na vinne, 109 tu. Na hata ukipewa viini elfu moja, hutavuka fremu 125, kwa sababu zile milisekunde 8 za uzi mkuu zimekaa palepale, hazijaguswa.

Sasa turudi kwenye viini sita, na badala ya kuongeza viini tupandishe mapigo kwa asilimia 20, kutoka gigahezi 4 hadi 4.8. Safari hii sehemu zote mbili za kazi zinakwenda haraka, inayogawanyika na isiyogawanyika. Fremu inashuka hadi milisekunde 8.9, sawa na fremu 112 kwa sekunde. Nyongeza ya asilimia 20 ya mapigo imezidi kidogo kazi ya kuongeza viini vinane vizima.

Kwa hesabu hiyohiyo, mashine zetu mbili za dukani zinaonekana wazi. Xeon ile, viini vyake vingi vikiwa kazini, hukimbia karibu na gigahezi 3. Uzi mkuu uliochukua milisekunde 8 kwenye gigahezi 4 sasa unachukua 10.7, na ile kazi iliyogawanywa kwa viini 14 inaongeza milisekunde 1.5. Jumla ni 12.2, yaani fremu 82. Core i5 yenye viini sita, ikikimbia karibu na gigahezi 4, inatoa 94. Nimeipendelea Xeon katika mfano huu, kwa sababu nimechukulia kwamba gemu inajua kugawa kazi kwa viini 14 bila hasara yoyote. Gemu nyingi hazijui. Kugawa kazi kwenyewe kuna gharama: nyuzi hungojana, hufungiana milango zinapotaka kugusa data moja, na baada ya viini sita au vinane hivi vinavyoongezeka hubaki vimekaa bure.

Kuna sababu kwa nini sita au vinane. Gemu kubwa nyingi hutengenezwa kwanza kwa ajili ya mashine za sebuleni. PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013 zilikuwa na viini vinane dhaifu, vya PlayStation 4 vikipiga gigahezi 1.6 tu. Waandishi wa gemu walilazimika kujifunza kugawa kazi, kwa kuwa hapakuwa na kiini hata kimoja chenye nguvu ya kubeba mzigo peke yake. PlayStation 5 na Xbox Series X za mwaka 2020 zikabaki na vinane, safari hii vyenye nguvu na vinavyopiga gigahezi 3.5 na zaidi, na sehemu ya nguvu hiyo hutengwa kwa mfumo wa mashine wenyewe. Mwandishi anayepima kazi yake kwenye mashine hizo hana haja ya kubuni gemu itakayodai viini 14.

Hapo ndipo jibu linapogeuka, maana viini vikipungua chini ya kile mwandishi alichokitarajia, mapigo hayaokoi. Mwaka 2014 Intel ilitoa Pentium G3258, prosesa ya bei ndogo yenye viini viwili, na ikaruhusu wanunuzi kupandisha mapigo yake kutoka gigahezi 3.2. Wengi waliifikisha zaidi ya 4, na kwa gemu za miaka iliyotangulia ilifanya maajabu kulingana na bei yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka Far Cry 4. Kwenye prosesa yenye nyuzi mbili tu, gemu hiyo ilileta kioo cheusi, haikufunguka, kwa kuwa ilitegemea kukuta nyuzi nne. Wachezaji walikuja kutafuta njia za kuizunguka, na hata ilipofunguka haikutiririka.

Kutotiririka huko ndiko dalili kuu ya uhaba wa viini, na haionekani kwenye namba ya wastani. Prosesa yenye viini vinne vya haraka inaweza kuonyesha wastani wa fremu 90, na bado gemu ikawa inakwamakwama. Kinachotokea ni kwamba nyuzi za kazi ni nyingi kuliko viini. Uzi mkuu unakimbia vizuri, kisha uzi wa kufungua faili za eneo jipya unaingia, au kivinjari ulichoacha wazi kinaamka, au mfumo wa kuzuia wadanganyifu unafanya ukaguzi wake. Uzi mkuu unasukumwa pembeni kwa milisekunde 20 au 30. Fremu moja inachelewa, kioo kinashtuka, na kwenye mapigano hiyo ndiyo fremu uliyoihitaji. Ndiyo maana wapimaji makini hawatoi wastani peke yake. Hutoa pia kasi ya asilimia moja ya fremu zilizo mbaya zaidi. Wastani ukiwa 90 na namba hiyo ikawa 35, mchezaji ataichukia mashine yake na hatajua kwa nini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa gemu za sasa, tafuta kwanza viini sita halisi, na vinane ikiwa unacheza huku unarusha mchezo wako mtandaoni. Ukishafika hapo, shilingi inayobaki iende kwenye kasi ya kiini kimoja, siyo kwenye idadi.

Nimesema kasi ya kiini kimoja, sikusema gigahezi, na tofauti hiyo inastahili maelezo. Gigahezi ni idadi ya mapigo kwa sekunde: gigahezi 4 ni mapigo bilioni nne. Haisemi chochote kuhusu kazi inayofanyika ndani ya kila pigo. Novemba 2004 Intel ilifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 3.8, na mwezi uliotangulia ilikuwa imefuta mpango wa kuifikisha 4. Joto ndilo lililowazuia. Kupandisha mapigo huhitaji kupandisha volteji, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volteji hiyo. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo. Ile ya aina ya E6600 ilipiga gigahezi 2.4 tu, lakini ilimwacha mbali yule mkubwa wa 3.8, hata pale kiini kimoja kilipopimwa na kiini kimoja, kwa kuwa ilikamilisha maagizo mengi zaidi katika kila pigo.

AMD nao walipata somo lao mwaka 2012 na FX-8350. Ilikuwa na viini vinane na mapigo ya kuanzia gigahezi 4.0, maana yake iliongoza kwa namba zote mbili dhidi ya Core i5-3570K yenye viini vinne na gigahezi 3.4. Kwenye gemu nyingi za wakati huo ilishindwa. Viini vyake vilijengwa viwiliviwili, kila jozi ikishirikiana baadhi ya vifaa vya ndani, na kila pigo lilizaa kazi kidogo. Basi linganisha gigahezi kati ya prosesa za kizazi kimoja na kampuni moja tu. Nje ya hapo, namba hiyo haina maana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Aprili 2022. AMD walikuwa na Ryzen 7 5800X yenye viini vinane na mapigo yanayofika gigahezi 4.7. Wakatoa pacha wake, 5800X3D, wenye viini vinane vilevile na mapigo yaliyopunguzwa hadi 4.5. Viini havikuongezeka, mapigo yameshuka, lakini kwenye gemu nyingi pacha huyo alimshinda nduguye. Kwa ujumla alimshinda hata 5950X yenye viini 16 na gigahezi 4.9. Kilichobadilika ni kache, ile hifadhi ndogo ya data iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ya 5800X ni megabaiti 32. Ya 5800X3D ni 96, kwa sababu walipachika tabaka la pili juu ya lile la kwanza.

Kwa nini hifadhi tu ilete ushindi? Kwa sababu kiini cha haraka mara nyingi kimekaa kikingoja. Uzi mkuu wa gemu hurukaruka: soma mhusika huyu, soma ukuta ule, soma silaha ile, na kila kimoja kiko sehemu tofauti ya kumbukumbu. Kuleta data kutoka kumbukumbu kuu huchukua nanosekunde 70 au 80 hivi. Kwenye gigahezi 4.5, huo ni muda wa mapigo zaidi ya 300 ambayo kiini kinaweza kuyapoteza bure. Data ikikutwa kwenye kache, hasara hupungua hadi makumi machache ya mapigo. Ndiyo maana pia kompyuta iliyowekewa kijiti kimoja cha kumbukumbu hufaidika ikiongezwa cha pili kinacholingana nacho: njia za kuletea data zinakuwa mbili. Kabla ya kuuza prosesa uliyonayo, fungua sanduku uangalie hilo. Ni marekebisho ya bei ndogo, na wengi hawayajui.

Utajuaje sasa mashine yako inakosa nini? Usianzie kwenye asilimia ya prosesa inayoonyeshwa na Task Manager, kwa sababu namba hiyo ni wastani wa nyuzi zote. Kwenye Core i5-8500, uzi mmoja uliofika kikomo huonekana kama asilimia 17. Kwenye Xeon ile yenye viini 14 na nyuzi 28, huonekana chini ya asilimia 4. Mtu ataona prosesa iko kwenye asilimia 20, aamini imepumzika, kumbe uzi mkuu unatokwa jasho. Hata ukifungua mchoro wa kila kiini peke yake hutaona kimoja kimejaa, maana Windows huuhamishahamisha uzi kutoka kiini kimoja hadi kingine.

Anzia kwenye kadi ya michoro. Ondoa kikomo chochote cha fremu, cheza sehemu yenye watu wengi, na uangalie kadi inatumika kwa asilimia ngapi. Ikikaa 95 na kuendelea, tatizo ni kadi, na mjadala wote wa viini na mapigo haukuhusu kwa gemu hiyo. Hakikisha kwa kushusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, ni kadi. Zikikaa palepale, ni prosesa, kwa kuwa kazi yake haipungui picha inapokuwa ndogo.

Ukijua ni prosesa, tenganisha mapigo na viini. Kwenye kompyuta nyingi za Intel za umri huu, amri mbili zifuatazo, zikiandikwa kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huzuia prosesa kupanda juu ya mapigo yake ya msingi:

```
powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive scheme_current
```

Core i5-8500 itashuka kutoka karibu gigahezi 4 hadi 3.0, yaani robo ya mapigo imeondoka. Rudia sehemu ileile ya gemu. Ikiwa ulikuwa na fremu 80 na sasa una 60 au karibu na hapo, gemu hiyo inafuata mapigo moja kwa moja. Ikishuka kidogo tu, hadi 74 kwa mfano, kiini kilikuwa kinapoteza muda kikingoja kumbukumbu. Kisha rudisha kwa amri zilezile, ukiweka 100 mahali pa 99.

Kupima viini, acha mapigo yalivyo. Gemu ikiwa imefunguka, nenda Task Manager, kwenye Details, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, chagua Set affinity, uondoe alama kwenye viini viwili. Baadhi ya gemu za mtandaoni hukataa kuguswa hivyo, kwa hiyo pima na gemu ya mchezaji mmoja. Kutoka sita kwenda vinne, wastani ukibaki karibu vilevile lakini mikwamo ikaanza, umeuona mstari wenyewe ambapo gemu hiyo inahitaji viini. Kama hata mikwamo haipo, viini ulivyonavyo vinatosha, na kununua 14 hakutakuongezea kitu kwenye gemu hiyo.

Xeon ile si mashine mbaya. Anayehariri video, anayechora majengo ya pande tatu, anayetafsiri programu kubwa kutoka msimbo hadi faili inayoendeshwa, atafurahia kila kimoja cha viini vyake 14, kwa sababu kazi hizo hugawika karibu zote.

Na kama kipimo kimeonyesha kwamba prosesa ndiyo kikwazo na fedha ya kuibadilisha haipo, yapo mambo ya kufanya ndani ya gemu yenyewe. Kushusha ubora wa rangi na sura za vitu hakutasaidia, maana huo ni mzigo wa kadi. Punguza idadi ya watu na magari barabarani, punguza umbali wa kuona, kwa kuwa kila kitu kinachoonekana huongeza mstari kwenye orodha ya uzi mkuu. Kisha weka kikomo cha fremu chini kidogo ya kile ambacho prosesa hufikia wakati mgumu. Mashine inayopanda hadi 90 na kuanguka hadi 58 kwenye mapigano, ifungie 55. Kila fremu itapata nafasi yake ya milisekunde 18, na mkono wako utauhisi utulivu huo kuliko ulivyowahi kuzihisi zile fremu 90.